Kanopi ndogo kuliko kitanda: zege mita za ujazo 0.75, nondo kilo 95! Nani ananieleza?

Mchovu_wa_Mafundi
Wakuu, nimekasirika na msinipoze. Juu ya mlango wangu wa mbele nimejengewa kanopi ya zege. Upana wake sm 180, imetoka ukutani sm 90, unene pale ukutani ni sm 15 na kwenye ncha ni sm 10. Ni hiyo tu. Fundi akaniletea karatasi: zege la gari mita za ujazo 0.75, nondo kilo 95. Nikalipa kimya kimya.

Gari likaja, kanopi ikajaa, zege likabaki kibao. Fundi, bila hata aibu, anasema "tusilitupe bosi, tukupigie njia". Akalimwaga uani: njia ya mita 4 kwa mita 1, unene sm 10. Njia ambayo sikuiomba na haiendi popote!

Jana usiku usingizi umekata, nikachukua kalamu. Unene wa wastani sm 12.5, kwa hiyo 1.8 × 0.9 × 0.125 ni kama 0.2. Nondo nilizipiga picha kabla ya zege kumwagwa: 13 za mm 10 zinatoka ukutani kwenda nje, na 6 za mm 8 zinazikatiza. Za mm 10 mita moja ina kilo 0.617, za mm 8 ina kilo 0.395. Nimezidisha 13 kwa sm 90, nikajumlisha zile 6 kwa sm 180, jumla kilo 11.5. Kumi na moja na nusu! Nyingine zimeenda wapi? Mimi naita huu wizi.

Bati_Bora
Kanopi ya zege ya nini lakini? Mimi yangu ni fremu ya chuma na bati, imefungwa siku moja, haina nondo wala gari la zege. Ng'oa hiyo weka bati.

Mchovu_wa_Mafundi
Bati_Bora sijauliza niweke nini. Imeshamwagwa. Nauliza hesabu.

Fundi_wa_Kweli
Mnapenda kutuita wezi bila kujua kazi. Umesahau 1.54. Zege halipigiwi hesabu kavu kavu hivyo, vifaa vikikorogwa vinasinyaa, kwa hiyo lazima uzidishe kwa 1.54. Halafu kuna la kumwagika. Fundi wako yuko sahihi kabisa, muombe radhi.

Kipimo_Kamili
Fundi_wa_Kweli, 1.54 ipo kweli, ila umeiweka mahali siyo pake. Ukinunua saruji, mchanga na kokoto ukakoroga mwenyewe, ndiyo unaihitaji, kwa sababu mchanga na saruji vinaingia kwenye nafasi zilizo katikati ya kokoto na ujazo unapungua. Zege la gari limeshakorogwa. Likisema mita moja, ni mita moja ndani ya mbao. Ukizidisha 1.54 hapo unanunua upepo, au tuseme unanunua njia ya uani.

Mchovu, karatasi yako sijaiona ila nadhani naweza kuisoma. Fundi kakadiria kanopi mita 2 kwa mita 1, unene sm 15 kote: 0.30. Akaongeza linta inayoishikilia, na kama ina urefu wa mita 2.4, upana sm 20 na kina sm 30, ni 0.144. Jumla 0.444. Zidisha 1.54, unapata 0.68. Weka asilimia 10 ya kumwagika, unatua 0.75. Nimekosea?

Sasa na wewe. Kanopi haibandikwi ukutani kama picha. Inamwagwa pamoja na linta iliyo nyuma yake, na hiyo umeiacha nje. 0.2 yako ukiongeza 0.144 inakuwa kama 0.35. Ushahidi unao uani: njia ya 4 × 1 × 0.1 ni mita za ujazo 0.4. Zilizokuja 0.75, toa 0.4, zimebaki 0.35. Ingekuwa 0.2 unayosema wewe, njia yako ingefika mita tano na nusu.

Mchovu_wa_Mafundi
Nimetoka kupima linta sasa hivi. Mita 2.4, sm 20, sm 30. Wewe ulikuwepo site au?! Sawa, linta niliisahau. Lakini subiri. Kwenye karatasi ya mwanzo, ile ya kuta, linta za milango yote zimeshaandikwa, na huu mlango wa mbele umo. Kwa hiyo linta moja nimeilipia mara mbili!

Kipimo_Kamili
Hapo una hoja nzito kuliko zote ulizoleta. Mwekee karatasi mbili mezani, moja juu ya nyingine, bila kelele.

Kwenye nondo umejipunja tena. Nondo ya juu ya kanopi haiishii usoni mwa ukuta. Ingeishia hapo, kanopi ingeng'oka kama jino. Inaingia kwenye linta na kukunjwa kwenda chini ili ishikwe. Kwa vipimo vyako: sm 87.5 nje, sm 17.5 ndani ya linta, sm 25 za kushuka, na mkunjo mdogo wa sm 5 kwenye ncha. Jumla mita 1.35 kila moja, siyo 0.9. Zidisha 13, unapata kama kilo 11. Za kukatiza ni kilo 4. Kanopi yenyewe ni kilo 15.

Linta je? Nipe picha ilivyosukwa.

Mchovu_wa_Mafundi
Nondo 4 za mm 12 urefu wote. Ringi za mm 8, nimehesabu 17.

Kipimo_Kamili
Basi zile nne ni kama kilo 8.4. Ringi moja ukiikunjua ni sm 96 pamoja na vishikio, kwa hiyo zote ni kilo 6.5. Linta kilo 15, kanopi kilo 15: kilo 30 ndizo ziko ndani ya zege. Kagua kwa njia nyingine: kilo 30 ukigawa kwa 0.35 ni kama kilo 86 kwa mita ya ujazo, kiwango kinachoingia akilini kwa kazi ya aina hii. Kilo 95 zingekuwa 270. Kwa wingi huo hata kokoto zingepata shida kupita.

Ila usimkabe fundi kwa kilo 30. Nondo inauzwa mita 12. Kwenye moja ya mm 10 unapata vipande 8 vya mita 1.35, unabaki na kipande cha mita 1.2 kisichofaa. Unahitaji vipande 13, lazima ununue mbili. Za mm 8 utanunua tatu, ya mm 12 moja. Ukizipima zote ni karibu kilo 40. Hizo alikuwa na haki ya kuziandika, na vipande vilivyobaki ni vyako.

Fundi_wa_Kweli
Labda alipiga hesabu ya mm 12 kila sm 10, juu na chini. Wengine tunafanya hivyo kwa usalama.

Kipimo_Kamili
Labda. Lakini picha inaonyesha mm 10 kila sm 15, safu moja. Aliandika moja akasuka nyingine? Kilo 55 zinazopelea mimi siwezi kuzijibia, hizo ni kati yake na Mchovu.

Mama_Ngazi
Samahani naingilia. Yangu ilikuwa na nondo za kutosha kabisa na bado imepasuka, mstari mmoja mrefu juu, pale inapokutana na ukuta. Mvua ikinyesha maji yanaingia humo humo. Fundi anasema ni plasta tu.

Kipimo_Kamili
Dada, gonga plasta kidogo uone. Ufa ukiendelea ndani ya zege, siyo plasta. Kanopi inavutika juu, siyo chini, kwa hiyo nondo inatakiwa ikae juu karibu na uso. Kinachotokea mara nyingi ni kijana mwenye ndoo kuzikanyaga wakati wa kumwaga. Kwa unene wa sm 15, nondo hukaa kama sm 12 kutoka chini. Ikikanyagwa ikashuka sm 5, zinabaki 7, na nguvu inashuka mpaka karibu asilimia 58. Kilo ni zile zile, ila kanopi siyo ile. Usiruhusu mtu apande, weka nguzo za muda chini yake, umwite injinia.

Mama_Ngazi
Watoto wanacheza hapo chini kila siku. Naweka nguzo leo.

Mchovu_wa_Mafundi
Nondo zangu zilikuwa juu, nimeangalia picha tena, walizitegeshea vitofali. Kesho fundi anakuja kutoa mirunda, zege lina wiki tatu. Akija ndio namwekea karatasi zote mbili.

Kipimo_Kamili
Ngoja. Juu ya linta kuna ukuta kiasi gani? Na linta imeungana na nguzo za zege, au imekatika tu?

Mchovu_wa_Mafundi
Imekatika, imelalia ukuta sm 70 kila upande. Juu yake kozi tatu za matofali ya zege. Paa bado.

Kipimo_Kamili
Mirunda isiguswe! Kanopi yako ina karibu kilo 490, na uzito wake uko sm 42 nje ya ukuta. Ikitaka kupinduka inaegemea ukingo wa nje wa ukuta. Kinachoizuia ni linta, kama kilo 345, na kozi tatu zilizolala juu yake, kama kilo 580. Vyote viwili viko sm 10 tu nyuma ya huo ukingo. Upande wa nje ni 490 × 0.42, kama 205. Wa ndani ni 925 × 0.1, hata 100 haifiki. Na hapo hujampandisha mtu juu.

Fundi_wa_Kweli
Mbona zangu nyingi zimesimama hivyo hivyo? Ukuta wa pembeni unasaidia, na paa litakuja kukandamiza.

Kipimo_Kamili
Ukuta wa pembeni unasaidia kiasi, kiasi gani mimi siwezi kukisema nikiwa nimekaa hapa. Ndiyo maana linta ya kanopi kwa kawaida hupitishwa urefu wa ukuta na kufungwa kwenye nguzo. Paa likikaa huenda ikatosha, huenda isitoshe. Hilo aseme injinia atakayesimama chini yake. Lakini kesho paa halipo.

Mchovu_wa_Mafundi
Nimempigia fundi. Anasema wiki tatu zinatosha, zege limeshakomaa.

Kipimo_Kamili
Zege limekomaa, hakuna anayebisha. Litaanguka likiwa zima.

Mchovu_wa_Mafundi
Nimemwambia asije kesho. Mirunda inabaki, na njia ya mlango wa mbele nimeifunga kwa mbao, tunatumia wa nyuma. Natafuta injinia wa kuja kuangalia. Za kilo 55 na linta ya mara mbili nitarudi nazo hapa hapa.