Yule wakala mnamjua: bima kubwa ya mwaka mzima kumbe thedi pati ya siku 30!!!

Nguzo_Imenikoma
Wakuu, nimetoka ofisi ya bima sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Yule wakala mnamjua, simtaji. Yule wa kalamu mbili mfukoni, anakuita "bosi" hata ukija kwa miguu. Amenimaliza.

Machi 3 nimemlipa bima kubwa. Akanitumia cheti kwenye simu, kinang'aa kuliko cheti changu cha ndoa, kinaisha Machi 2 mwakani. Juni 18 nimeparamia nguzo, boneti, taa, rejeta, vyote kwaheri, na mimi natabasamu tu, si nina bima kubwa bana. Leo dada wa madai anaingiza namba ya gari, anatazama, anatazama tena, halafu ANAGEUZA KOMPYUTA nijionee: thedi pati, Machi 3 mpaka Aprili 1, muda umekwisha. Akamuita na mwenzake, "njoo umuone". Umuone nani? Mimi twiga?

Spana17
Pole mkuu ila nimecheka mpaka abiria mwenzangu kahama siti. Miezi miwili na nusu unazunguka bila bima, umesubiri nguzo ikwambie? Hukuangalia kwenye mfumo wa kuhakiki bima?

Nguzo_Imenikoma
Niliangalia! Nikaweka namba ya stika, ikaja kampuni, ikaja namba ya gari langu, nikafunga nikalala. Sasa yule dada alivyogeuza ile kompyuta...

Kijana_wa_Mezani
Kama namba imesoma kwenye mfumo, cheti ni halali, lazima wakulipe. Tafuta mwanasheria.

BibiMadai
Hapana mwanangu. Namba ni ya kweli, ila ni ya kile kilichosajiliwa, siyo cha kwenye karatasi. Nimekaa dirisha la madai miaka mingi, mchezo huu naujua: wakala anasajili kitu kidogo kabisa, kweli kweli, halafu anafuta tarehe kwenye faili na "thedi pati" inageuka bima kubwa. Kwa hiyo ukitafuta, inakuja, na wewe unafunga. Ungeshuka chini kidogo ukasoma aina ya bima na tarehe ya mwisho, ukaweka cheti pembeni ukalinganisha, ungemkamata Machi hiyo hiyo. Chesisi nayo soma ile iliyogongwa kwenye gari, usiitoe kwenye hicho hicho cheti unachokishuku.

Na hako kamraba ka QR msikaamini sana, mtu anaweza kubandika ka kwake kakakupeleka kwenye ukurasa wake wa uongo. Anwani ya mfumo andika mwenyewe. Halafu rudi uangalie tena baada ya wiki kadhaa, maana wakala asipopeleka hela, bima inaweza kufutwa na wewe hujui.

Hela ulilipa wapi?

Nguzo_Imenikoma
Namba yake ya simu. Alisema mtandao wa kampuni umekata.

Spana17
😂😂😂 Mtandao umekata ila cheti kimefika. Bosi!

BibiMadai
Hapo pagumu. Kama kampuni ilimruhusu kuuza kwa jina lake unaweza kuibana, kama ni kishoka tu, sijui. Kalalamike kwa maandishi. Usifute lile faili alilokutumia wala meseji ya malipo, picha ya skrini peke yake haitoshi.

Tairi_Kipara
Hamjaona yangu. Jamaa kanigonga nyuma saa nne kasoro kumi asubuhi, akasema ngoja nimpigie mke wangu. Akarudi na bima, naangalia mfumo, ipo hai, jina lake, gari lake, tukaachana kama ndugu, hata polisi sikuita. Kampuni yake ikaniuliza ajali saa ngapi. Bima imeanza saa nne na dakika ishirini na tano! Mke gani yule, alikuwa anaongea na wakala!

Kijana_wa_Mezani
Lakini siku si ni ile ile?

Tairi_Kipara
Siku ile ile, saa siyo. Sina ushahidi wa polisi wala picha yenye saa, ni neno langu na lake. Bampa bado naifunga kamba.

Mgeni_Rasmi
Sijaelewa, kwa hiyo nguzo nayo ilikuwa na thedi pati?

Nguzo_Imenikoma
Jamani turudi kwenye uzi. Yule dada ALIGEUZA KOMPYUTA. Mbele ya watu.

Spana17
Bampa peleka kwa fundi plastiki, kamba itachubua rangi.

Tairi_Kipara
Nilipeleka, akaniibia sensa ya kupaki. Mafundi ndio wabaya zaidi, nawafungulia uzi wao sasa hivi.