Nyinyi mnaookota pointi za wenzenu, kwanza jifunzeni kuhesabu: 5-6-7-7 na 8 ni 14, si 26!

Kijiti_Malindi

Nimechoka na kribeji, mchezo huu wa karata, ya mabarazani na leo nasema waziwazi. Tumekubali kucheza kwa kuokota: mtu akisahau pointi zake, mwenziwe anazichukua. Sawa, nani kakataa? Lakini mwokotaji anatakiwa awe anajua hesabu kuliko anayemwokotea, na hapa mjini mambo yamepinduka. Wanaookota ndio wasiojua.

Angalieni mkono huu, mtaniambia. Mchezaji kashika 5, 6, 7, 7. Karata iliyokatwa, inayohesabika na kila mkono, ni 8. Akataja 14, akasogeza kijiti chake ubaoni. Mwenziwe akaruka juu: "Umesahau 12!" Akajitembezea matundu 12, na baraza zima likamshangilia. Wizi mtupu!

Haya, tuhesabu polepole. Kwanza karata zinazojumlisha kumi na tano, pointi mbili kila mara: 7 na 8, na 7 zipo mbili, basi 4. Nyengine hakuna, maana 5 na 6 ni 11, inatakiwa 4 na 4 haimo. Pea ya 7 ni 2, tumefika 6. Mfululizo ni 5-6-7-8, karata nne kwa pointi nne, na kwa kuwa 7 ni mbili unahesabika mara mbili: 8. Jumla 14. Yule bwana 12 zake kazipata wapi? Kahesabu 5-6-7 mara mbili na 6-7-8 mara mbili. Mfululizo mrefu unameza ile mifupi iliyomo ndani yake! Ukishachukua wa nne, wa tatu huna tena.

Chumbuni_Kwetu

Pole kaka. Hilo la mkononi upo sahihi, lakini msijifanye mnaonewa nyinyi tu. Vurugu kubwa ipo kwenye kutembeza, karata zinapotupwa moja moja. Pale mtu anadai mfululizo wakati pea imeshauvunja. Mfululizo si lazima uje kwa mpangilio, hilo najua, 4 kisha 6 kisha 5 ni mfululizo halali. Lakini ikiingia karata iliyojirudia, umekwisha, mpaka mhesabu upya kutoka sifuri. Na jumla ya karata zilizotupwa ikifika 31 ni pointi 3: mbili za 31 na moja ya karata ya mwisho.

Bint_Wete

Samahani nachomekea langu. Nilishika 4-5-5-6, ikakatwa 6. Nikataja 20: mifululizo minne ni 12, pea mbili ni 4, za kumi na tano mbili ni 4. Mwenzangu akaokota 4 na mpaka leo hajanieleza kwa nini. Kaniibia au hakuniibia?

Seti_na_Ree

Mbona mnajisumbua? Kumi na tano rahisi tu: mzungu wa nne na ree. Nne na kumi na moja. Hiyo 5 mnayoihangaikia ya nini? Hata seti na 5 ni kumi na tano.

Kijiti_Malindi

Haya, mnaona? HUYU NDIYE anayeokota!

Maalim_Ubao

Taratibu, Kijiti, matusi hayaongezi pointi. Nijibu mmoja mmoja.

Seti_na_Ree, wewe unahesabu wahedi wa sitini. Kule ree ni 11, seti ni 10, mzungu wa nne ni 4. Huku ree ni 1 tu, seti ni 7 kama ilivyoandikwa, na wazungu wote, awe ghulamu, bibi au mfalme, ni 10 kila mmoja. Kwa hiyo mzungu wa nne na ree ni 11, na seti na 5 ni 12. Hakuna kitu hapo. Na daraja zake pia tofauti: baada ya 10 anakuja ghulamu, kisha bibi, kisha mfalme, basi, imekwisha. Ree yuko chini kabisa, anashikana na 2. Bibi, mfalme na ree si mfululizo hata ukilia. Na hiyo 5 inahangaikiwa kwa sababu kwenye karata 52, 16 zina thamani ya 10, na kila moja ikikutana na 5 ni pointi mbili. Ndiyo maana mwenye akili hatupi 5 kwenye kapu la mwenziwe, zile karata zinazowekwa pembeni zikahesabiwa na mgawaji.

Bint_Wete, hukuibiwa, mwanangu. Mkono wako ni 24. Ulizikutanisha 5 na 6 mbili mbili kama watu wa ndoa, ukapata mbili. Fanya hivi: shika 5 ya kwanza, itie na 4 pamoja na 6 ya kwanza, kisha na 6 ya pili. Hizo mbili. Sasa iweke chini, shika 5 ya pili, urudie hivyo hivyo. Mbili nyengine. Za kumi na tano ni nne, pointi 8, na mifululizo 12 na pea 4, jumla 24. Mkono huu una kipimo chake cha ndani: 4, 5 na 6 zikijumlishwa ni kumi na tano, kwa hiyo kila mfululizo ni kumi na tano pia. Ukihesabu mifululizo minne na za kumi na tano mbili, ujue umeacha kitu.

Bint_Wete

Ahsante Maalim. Basi kaokota kwa haki, lakini angeniambia tu!

Maalim_Ubao

Sasa Chumbuni. Nusu umepatia. Mpangilio si lazima, kweli. Lakini karata iliyojirudia haiui mfululizo moja kwa moja, inauziba tu mpaka ipitwe. Kwenye kutembeza unatazama nyuma kuanzia karata iliyotupwa sasa hivi, na hizo za mwisho, zikiwa tatu au zaidi, zote lazima ziungane bila ya kujirudia.

Tuseme Ali na Bakari. Ali anatupa 4. Bakari 6, inakuwa 10. Ali 5, inakuwa 15: anachukua 2 za kumi na tano na 3 za mfululizo, jumla 5. Bakari anatupa 6 nyengine, 21. Anapata nini? Hapati kitu. Tatu za mwisho ni 6, 5, 6, huo si mfululizo. Wala si pea, maana katikati ya 6 mbili pamekaa 5, na pea inataka zifuatane. Ali anatupa 4, 25. Hapa ndipo unapokosea wewe. Tatu za mwisho ni 5, 6, 4. Zimeungana, hazijarudia. Ali anachukua 3. Zile 4 na 6 za mwanzo zimeshabaki nyuma, haziangaliwi.

Bakari anayo 6 ya tatu, anaitupa, 31. Pointi 2, si 3. Ile moja ni ya anayetupa karata ya mwisho bila ya kufika 31, pale mwenziwe anaposema "sina" na yeye mwenyewe hawezi tena kutupa bila ya kupindukia. Ukifika 31 hasa, mbili zimeshaimeza ile moja.

Chumbuni_Kwetu

Maalim, kwetu tunacheza 3 tangu wazee. Utawafufua uwaambie walikosea?

Kijiti_Malindi

Kwenu mnacheza mnavyotaka, lakini msije Malindi mkaokota kwa kanuni ya Chumbuni! Na hamjasema la karata iliyokatwa. Kuna watu wanaitia kwenye kutembeza. Mtu katupa 8, juu ya fungu ipo 8, anadai pea. Ile karata kwenye kutembeza haipo! Inaingia tunapoanza kuhesabu mikono, na kwenye kapu. Kitu pekee inachofanya mapema ni ikitoka ghulamu, mgawaji anachukua 2 pale pale.

Seti_na_Ree

Haya nimefahamu, seti ni 7. Sasa swali la kweli. Mkononi nina kopa tatu na uru moja, na iliyokatwa ni kopa. Nne za kopa hizo, nipe 4.

Maalim_Ubao

Hupati. Zile nne za mkononi lazima ziwe za aina moja zenyewe, ndipo upate 4, na iliyokatwa ikiwa ya aina hiyo hiyo unapata 5. Iliyokatwa haizibi pengo. Na kwenye kapu ni kali zaidi: zote tano ziwe aina moja, ama sifuri. Lakini kama miongoni mwa kopa zako yumo ghulamu, huyo anakupa 1 kwa kuwa ni wa aina ya iliyokatwa. Watu wanamsahau kila siku, na waokotaji wanamjua sana huyo.

Chumbuni_Kwetu

Kwetu kapu la nne za aina moja tunalipa 4.

Kijiti_Malindi

Kwenu, kwenu, kwenu!

Maalim, nijibu langu sasa. Yule bwana kasogea matundu 12 ya uongo. Mchezo ukaisha, yeye 121, mwenziwe 116. Ukimtoa zile 12 ana 109. Nasema kijiti kirudi, mchezo uendelee.

Maalim_Ubao

Kuokota ni kanuni ya hiari, inafungwa kwa maneno kabla ya mgao wa kwanza. Na unaokota baada ya mwenye mkono kumaliza kutaja na kusogeza, si wakati bado anahesabu. Mkono wa 14 uliotajwa 14 hauna cha kuokotwa, kwa hiyo zile 12 hazikuwa zake hata kidogo. Lakini kumrudisha kulitakiwa pale pale, kabla karata hazijachanganywa. Mkishagawa tena, mimi naona mmeshakubali.

Bint_Wete

Lakini Maalim, wamekubali vipi na baraza zima lilikuwa linapiga kelele? Na kumbuka baada ya pale kila mtu kacheza akiangalia kijiti kilipo. Aliye nyuma anatupa karata kwa papara, aliye mbele anabana. Huwezi kutoa 12 mwishoni ukasema ndiyo hesabu yenyewe.

Chumbuni_Kwetu

Mimi nasema anayeokota cha uongo alipe mara mbili. 12 zirudi na mwenye mkono apewe 12. Hapo watu wataacha kukurupuka.

Maalim_Ubao

Adhabu hiyo iandikeni ubaoni kabla hamjagawa, mimi sina neno. Lakini kwa mchezo uliokwisha, hapana.

Kijiti_Malindi

Siukubali huo mchezo. Nani mwengine alikuwepo pale barazani akaona ile 8 ikikatwa? Aseme hapa.