Mrejesho: ile IST imeshatoka bandarini

Niliuliza: "IST ya 2005, tangazo la Japani linasema dola 2,400. Hadi iingie barabarani Dar, itanigharimu ngapi?"

Wakuu, na meli na bima ilifika dola 3,700. Ila TRA hawakupiga kodi kwa ankara yangu; mfumo wao uliithamini 4,100. Hapo kuna ushuru wa forodha 25%, juu yake ushuru wa bidhaa 5% na uchakavu 30% kwa kuwa gari limepita miaka kumi, kisha kodi ya ongezeko la thamani 18%. Jumla kama 4,100 nyingine! Wakala, bandari, ukaguzi na usajili vikala 700. Nimefika 8,500. Kikokotoo cha TRA nilikifungua meli ikiwa tayari baharini, usiku ule sikulala. Fungueni kabla ya kutuma hela.