Mrejesho: "kha" na "khrap" dukani Bangkok

Niliuliza: "Nikimshukuru muuza duka Bangkok, 'khop khun' inatosha? Na muuzaji akiwa mwanamume, mimi mwanamke nimalizie na 'khrap'?"

Nimerudi, wadau, asanteni sana. Aliyesema neno hilo la heshima la kumalizia sentensi kwa Kithai hufuata jinsia ya msemaji, "kha" kwa mwanamke na "khrap" kwa mwanamume, si ya anayeambiwa, ameniokoa. Kwa wauzaji wote nilisema "khop khun kha", na nikiitikia tu, "kha" peke yake ilitosha. Mume wangu hakuusoma uzi huu. Alimwiga mama muuza maembe, naye akasema "kha". Mama alicheka, akamfundisha "khrap", ambayo mitaani husikika kama "khap".

Nilipokwama ni kwenye toni. Kwenye shukrani, "kha" inatakiwa ishuke. Mimi nilikuwa naipandisha, na hiyo ya juu ni ya kuulizia, kama kwenye "thao rai kha", yaani bei gani. Kwa hiyo shukrani yangu ilisikika kama swali, na kijana wa dukani akabaki ananitazama akingoja niendelee. Siku ya tatu nikaanza kuishusha. Nikiwa na haraka bado inanipanda.