Tupeane uzoefu: siku za modeli saluni, mwanafunzi anaposhika kichwa cha mteja

MamaKitana
Wapendwa, nina wanafunzi wanne, na siku moja kila wiki tunapokea modeli kwa nusu bei. Wanaambiwa mapema kwamba watahudumiwa na mwanafunzi. Naomba tusimuliane yaliyotupata, hasa kwenye dawa ya kulainisha nywele. Naanza mimi.

Alikuja dada mmoja kuweka dawa. Mwanafunzi akamuuliza, "Nywele zina dawa?" Akajibu hapana, akasaini fomu. Nilipopitisha vidole nikaona za karibu na ngozi ni kavu na zimejikunja sana, lakini huku chini zimelegea. Nikamuuliza kama aliwahi kuweka kalikiti. Akasema ndiyo, miezi minane iliyopita. Hakutudanganya. Kwake kalikiti si dawa, na swali letu ndilo lilikuwa bovu.

Kwa ruhusa yake tukakata nywele chache za chini kisogoni, tukazipaka dawa kwenye kibakuli kwa muda uleule ambao ingekaa kichwani. Tulipozisuuza na kuzivuta, sehemu iliyoota karibuni ilikuwa salama. Ile ya zamani ilivutika kama mpira uliochoka, ikakatika. Kalikiti na dawa ya sodiamu haidroksaidi hazipatani kwenye unywele mmoja. Kama tungempaka kichwa kizima, angebaki na zile za miezi minane tu, sentimita chache.

Sahihi yake ilikuwa ya dawa, si ya kitu kingine. Kwa hiyo tukamwonyesha zile nywele na kumuuliza upya: aoshwe na kuwekewa stimu, au aende zake bila kulipa. Akachagua stimu. Siku hizi fomu inataja moja moja: dawa, kalikiti, rangi, hina, na lini. Inaeleza pia hatua zipi ni za mwanafunzi na zipi ni zangu.

FundiWaRola
Kwangu modeli akisaini kwamba ameridhika kuhudumiwa na mwanafunzi, yameisha. Akiungua kidogo hana madai, alijua anachokijia. Na dawa ikiwasha ndiyo inashika.

MamaKitana
Kaka, kumtaarifu mapema umefanya vema. Lakini alikubali mkono mwepesi wa mwanafunzi na kukaa muda mrefu, hakukubali kuunguzwa. Na dawa inashika kwenye unywele, ambao hauna hisia. Anachokisikia mteja ni ngozi. Sisi akisema "inawasha" mara moja tu, tunasuuza papo hapo hata kama upande mmoja haujalainika. Ngozi tumeshaipaka mafuta ya mgando, na aliyejikuna au kusuka nywele za kubana siku mbili zilizopita tunamrudisha nyumbani, aje siku nyingine.

Ritachi_tu
Mimi dawa iliniunguza nyuma ya sikio mwezi uliopita na pamebaki kidonda. Naweza kuja siku ya modeli niweke rangi? Bei ndiyo imenivutia.

MamaKitana
Hapana, mdogo wangu. Kidonda kikiwa wazi hakuna kemikali inayogusa hapo, iwe ya nusu bei au ya bei kamili. Kionyeshe hospitali. Kikipona, rangi utajaribishiwa kwanza kidogo kwenye ngozi, usubiri saa 48.

Mwanagenzi2
Mimi ndiye mwanafunzi. Siku yangu ya kwanza modeli alikunja uso akanyamaza. Nilimuuliza, "Uko sawa?" akasema yuko sawa. Mwalimu akaja akamuuliza, "Wapi panawasha?" akaonyesha utosini palepale. Tukasuuza, tukaosha kwa ile shampuu inayogeuka pinki dawa ikiwa bado imo. Povu la tatu ndilo lililotoka jeupe, na mimi nilitaka kuachia la kwanza. Baadaye akaniambia alinyamaza kwa sababu alishalipa, na aliona nitafelishwa.

DadaWaKioo
Hilo la kulipa ni kweli. Sisi tunapokea pesa mwisho, ili mtu awe huru kusema basi. Halafu kuna picha. Niliwahi kuwa modeli, nikakubali kunyolewa, kesho yake nikakuta picha yangu mtandaoni, nusu kichwa kimenyolewa. Waliniambia nilisaini. Nilisaini kunyolewa. Kwangu sasa picha ina sahihi yake, na anayekataa habadilishiwi bei.

FundiWaRola
La picha nakubali, na la kuwasha nimelisikia, nitaanza kusuuza. Lakini kulipwa mwisho kumenitia hasara. Wawili waliondoka wakisema hawakupenda, na dawa, maji na muda wa mwalimu vilikuwa vimeshatumika.

MamaKitana
Ninachukua gharama ya dawa mwanzoni, iliyobaki mwisho. Ila aliyosema Mwanagenzi yamenigusa, maana hata hicho kidogo kinaweza kumnyamazisha mtu. Nani amejaribu kutochukua chochote kabisa, na wateja wa aina gani walikuja?