Tupeane uzoefu: Mimi na dada yangu hatuelewani kuhusu fedha ya matangazo

Mleta mada, Mtwara Mjini: Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na dada yangu tuna ofisi ya ushonaji, naye anataka tuache kulipia tangazo la mtandaoni linalotugharimu shilingi 5,000 kwa siku. Gauni la kitenge tunalishona kwa shilingi 25,000, na tukitoa uzi, zipu, bitana na umeme hubaki kama shilingi 18,000; kwa hiyo tangazo la mwezi mzima, yaani shilingi 150,000, linahitaji magauni tisa ya wateja wapya ndipo fedha irudi. Mimi nasema wateja wapo, kwa kuwa meseji zinaingia mchana na usiku. Yeye hunijibu, "Mdogo wangu, nionyeshe majina yao kwenye daftari la vipimo." Sasa tunazungumza habari za kazi tu. Mliopitia haya, tupeane uzoefu.

Mchangiaji wa Masasi: Pole, kaka. Sisi kilichotusumbua ni ushuru wa bango la dukani. Ulizeni halmashauri kabla ya kulitundika.

Mchangiaji wa Lindi: Tatizo ni picha. Mkiacha picha za kupakua mkaweka nguo mlizoshona wenyewe, tangazo litajilipa.

Fundi wa Newala: Picha nzuri huleta meseji, lakini haimleti mteja aliye mbali kupimwa. Fungua meseji zako uone zinatoka wapi. Tangazo letu lilikuwa limeachwa lionekane Tanzania nzima, na waliouliza bei wengi walikuwa Dar es Salaam na Mwanza. Tulipolibana lionekane Newala na vijiji vya jirani, meseji zilipungua sana, ila waliokuja na vitambaa waliongezeka, nasi tulilijua hilo kwa sababu kila aliyepimwa tulimwuliza alikotusikia na kuandika jibu pembeni mwa vipimo vyake. Jambo la pili ni msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, fedha huingia na vitambaa hurundikana bila tangazo lolote. Ukiongeza wateja wakati huo bila kuongeza cherehani, utachelewesha nguo za sherehe, na mteja aliyecheleweshewa nguo ya harusi harudi. Sisi hulipia Septemba, tukapokea kazi kwa arbuni mapema.

Mleta mada: Ahsante sana, mama. Nimezikagua meseji pamoja na dada, na kweli nyingi ni za Dar es Salaam. Amekubali tusimamishe tangazo hadi Septemba, kisha lionekane Mtwara Mjini na Mikindani tu. Tulipobaki tunavutana ni hapa: anataka fedha ya miezi hii inunue overloki, kwa kuwa kila nguo tunaipeleka kwa jirani kumaliziwa kingo kwa malipo, nami nataka iwekwe akiba ya tangazo la Septemba. Daftari la vipimo tumeshalichora safu mpya ya kuandika mteja alikotusikia. Kuhusu overloki, bado hatujakubaliana.