UZI WA HASIRA: wamenifungia akaunti, halafu keshia akanitangazia benki nzima

MamaSpea_Kisenyi: Wale jamaa wa kodi wa hapa Uganda mnawajua, sina haja ya kuwataja. Niko kwenye kaunta na supplaya wangu wa spea za boda amesimama nyuma yangu anangoja hela yake, keshia anaangalia skrini, anapaza sauti mpaka askari wa mlangoni akageuka: "Nyabo, hii akaunti imekamatwa na watu wa kodi!" Benki nzima! Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza anisikilize vizuri! Wanadai 18,400,000, na ndani nina 7,300,000 yenye mishahara ya vijana wangu. Ritani nilipeleka, risiti ninazo. Supplaya amechukua mzigo wake akaondoka bila kuniaga. Nyabo imekamatwa!! Nifanye nini leo hii, na barua ya kuomba waachie inaandikwaje?

Bosi_Kikuubo: Hahaha, mpaka mtoto akanyamaza. Pole lakini.

Okello_wa_Jinja: Hiyo ni akaunti imelala dada, hujaitumia muda mrefu. Peleka kitambulisho na picha, kesho inafunguka.

MamaSpea_Kisenyi: Imelala vipi na jana nimeweka hela?? Amesema IMEKAMATWA, na amesema kwa sauti!

Kabogoza: Lipa 30% ya deni, sheria inasema hivyo, akaunti inafunguka yenyewe siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Ledja: Kabogoza, nusu yako ni kweli. Ukipinga makadirio ya kodi waliyokupigia, unatakiwa ulipe 30% au ile sehemu usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa, wakati pingamizi linasubiri. Lakini kulipa hakufungui akaunti, wala pingamizi peke yake halifungui. Benki inangoja barua ya waliotoa amri, basi.

Mama, rudi benki leo uombe kopi ya ajensi notisi. Hiyo ndiyo karatasi inayoiamuru benki ilipe deni lako kutoka kwenye hela yako, chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014. Halafu uliza swali moja: hela bado ipo au imeshatumwa? Kama imeshatumwa, barua ya kuachia haina kazi, unadai irudishwe au ihesabiwe kwenye kodi yako, na huo ni mwendo mrefu. Kama bado ipo, kimbia. Kisha ingia kwenye portal uone ledja, makadirio ni ya mwaka gani na sababu ni nini.

MamaSpea_Kisenyi: Bado ipo! Na mzee, nimeona, wanasema niliingiza mizigo mingi kuliko mauzo niliyotangaza. Mimi kontena nzima sijawahi kuleta! Naleta kidogokidogo na wenzangu kupitia ajenti wa Malaba.

Mzee_wa_Ledja: Basi ajenti ametumia TIN yako kutoa mizigo ya kontena lote. Naona hii kila mara. Omba orodha ya entri za forodha zilizotumia TIN yako, linganisha na invoisi zako. Pingamizi ni ndani ya siku 45 tangu upewe notisi ya makadirio. Angalia imeili iliyosajiliwa kwenye TIN, mara nyingi ni ya mhasibu wa zamani na notisi zinaozea huko. Kama siku zimepita, omba kwa maandishi uongezewe muda na utoe sababu. Barua ipelekee ofisi iliyotoa amri, ofisini wataitaka kwa Kingereza, ila mpangilio ni huu:

> Kwa Kamishna wa Kodi za Ndani.
> YAH: Ombi la kuondoa ajensi notisi, TIN …, akaunti namba …
> Tarehe … mliiagiza benki yangu ilipe 18,400,000 kutokana na makadirio namba … Nimeyapinga tarehe … kwa sababu entri namba … si mizigo yangu; invoisi na ritani zimeambatanishwa.
> Naomba mchukue 5,520,000, yaani 30%, kutoka kwenye akaunti hiyo, na muiandikie benki iachie 1,780,000 iliyobaki kwa mishahara, orodha imeambatanishwa. Naomba notisi iondolewe mpaka pingamizi liamuliwe.

Kopi moja wakupigie muhuri wa kupokea. Wanaweza kukataa, hawalazimiki kukubali, lakini ombi la kiasi maalum linasomeka kuliko la kulia.

MamaSpea_Kisenyi: Asante mzee. Ila yule keshia angeniita pembeni tu! PEMBENI!

Kabogoza: Si ungeenda moja kwa moja Baraza la Rufaa za Kodi?

Mzee_wa_Ledja: Baraza linataka kwanza uwe na uamuzi wa pingamizi.

Dereva_Busia: Nyie mna akaunti za kufungiwa. Mimi nikitoa hela kwa simu wanakata 0.5% na ajenti naye anakula yake, hiyo hakuna anayeifungulia uzi.

Bosi_Kikuubo: Na ajenti wa Malaba je? Wangu naye ana TIN yangu tangu mwaka jana. Mzee, hiyo orodha ya entri naiombea wapi?

Dereva_Busia: Subirini kwanza, nani hapa amewahi kurudishiwa hela aliyoituma namba isiyo yake?